Krispi zilizoungua ndizo habari

*Shikamoo Mama,*

*Mimi ni binti wa miaka 29, nipo Uyole, Mbeya. Nakaanga krispi za viazi tangu 2021 na sasa tupo watatu. Mwezi uliopita niliandika barua pepe moja nikaituma kwa waandishi na wahariri 14 kwa mkupuo, nikiomba watuandike. Hakuna hata mmoja aliyejibu. Nikaituma tena kichwa chake kikiwa kwa herufi kubwa, bado kimya. Kaka yangu anasema bila bahasha hakuna mwandishi atakayeifungua, na mimi bahasha hiyo sina. Nimekuambatishia barua yenyewe uisome. Mwandishi anaangalia nini kabla ya kuamua kufungua?*

*Ndaga fijo.*

*Mkaanga krispi, Uyole*

Marahaba mwanangu, na kamwene kutoka Iringa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kila mara kwa namna yake. Mara ya kwanza niliiangalia kama wale 14 walivyoiona, yaani kwenye simu, kabla ya kuigusa. Hapo mtu haoni barua. Anaona jina la mtumaji, mwanzo wa kichwa, na maneno machache ya mstari wa kwanza kwa rangi iliyofifia. Kwako, jina la mtumaji ni jina la biashara likifuatwa na namba. Kichwa ni "OMBI LA KUTANGAZIWA BIASHARA YETU YA", kisha simu imekata maneno yaliyobaki. Na mstari wa kwanza unasema, "Husika na kichwa cha habari hapo juu."

Tuanze na huo wa mwisho, maana nauona kwenye barua nyingi mno na unaniuma. Tulifundishwa shuleni kwamba barua rasmi huanza hivyo, na kwa Afisa Mtendaji wa Kata ni sawa kabisa. Lakini kwenye barua pepe maneno yale saba au nane ya mwanzo yanaonekana nje, kama bidhaa inayowekwa kwenye kibaraza cha duka. Wewe umekuwa na nafasi ya kuonyesha kitu, ukaonyesha kibao kinachosema "angalia kibao cha juu". Na kibao cha juu kimekatwa katikati.

Neno "kutangaziwa" nalo limekuponza kuliko herufi kubwa. Gazetini kuna watu wa habari na kuna watu wa matangazo, na kazi zao zimetenganishwa kwa makusudi. Tangazo lina bei, linalipiwa, na unaandika unachotaka. Habari hailipiwi, na mwandishi anaandika anachokiona yeye. Mwandishi akikutana na neno "kutangaziwa" hajiulizi hata kidogo kama kuna habari ndani. Kwake hiyo ni barua iliyokosea mlango. Akiwa na moyo mzuri ataipeleka kwa wenzake wa matangazo, na wengi hawana muda huo.

Sasa nikueleze jambo ambalo watu wa nje ya vyumba vya habari hawalioni, kwa sababu ndilo linaloamua kila kitu. Nimekuwa mwandishi wa mkoa hapa Iringa kwa miaka tisa, halafu nikakaa dawati la habari za mikoani kwa miaka sita. Kila asubuhi kuna kikao cha kupanga gazeti. Kabla ya kikao, mhariri anawapigia au kuwaandikia waandishi wake wa Mbeya, Njombe, Songwe na kwingineko akiuliza, "Leo una nini?" Mwandishi ana sentensi moja ya kujibu. Sentensi hiyo ikimshika mhariri, stori inapata nafasi. Isipomshika, mhariri anauliza, "Kwa hiyo?", na hapo imekufa.

Jaribu kuiweka barua yako mbele ya swali hilo. "Kuna dada Uyole anakaanga krispi zenye ubora wa hali ya juu kwa bei nafuu." Kwa hiyo? Wapo wengi wanaokaanga, kila mmoja anasema zake ni bora, na msomaji wa Sumbawanga hatakula krispi zako. Mwandishi analijua swali hilo hata kabla hajaulizwa. Ndiyo maana anapopitisha jicho kwenye simu yake hatafuti biashara nzuri. Anatafuta sentensi ya kumpelekea mhariri wake. Barua inayofunguliwa ni ile ambayo sentensi hiyo inaonekana kwa nje, imeshatengenezwa.

Nakuambia haya nikiwa na deni langu mwenyewe. Mwaka mmoja nikiwa mwandishi hapa Iringa, nililetewa barua pepe yenye kichwa "Tunaomba ushirikiano wenu". Sikuifungua. Nilipokuja kuifungua, mvua zilikuwa zimeisha zamani, na ndani yake kulikuwa na mama wa kijijini aliyekuwa amepata njia ya kuufanya ulanzi ukae siku kadhaa kwenye chupa bila kuchacha. Wewe unajua ulanzi unavyokwenda haraka: asubuhi mtamu, jioni mkali. Ilikuwa stori ya kumsisimua kila mtu wa nyanda hizi, lakini mianzi hugemwa msimu wa mvua tu. Hakukuwa na cha kupiga picha wala cha kuonja. Nilimpigia simu kumwomba radhi, na msimu uliofuata alikuwa ameshaacha. Kosa la kutofungua lilikuwa langu. Ila kichwa chake kingesema "Ulanzi usiochacha kwa siku kadhaa", ningeifungua siku ileile.

Barua yako nilipoisoma mara ya pili, niliisoma yote. Aya ya kwanza inaeleza biashara ilivyoanza. Ya pili inataja ladha tatu. Ya tatu ni dira na dhima. Ya nne, bei za jumla na rejareja. Ya tano, shukrani kwa waliokusaidia. Kisha katika aya ya sita, chini ya neno "Changamoto", umeandika hivi:

"Mwezi wa sita na wa saba krispi zetu huwa zinatoka kahawia na chungu. Mwaka juzi tulimwaga kilo 6 katika kila kilo 15. Mwaka jana tukahamishia viazi chumba cha nyuma ya jiko wiki tatu kabla ya kukaanga na tatizo likapungua sana."

Mwanangu, hapo nilisimama. Hiyo ndiyo habari, na umeizika chini ya bei za rejareja.

Nitakueleza kwa nini ninaita habari. Kiazi kikikaa kwenye baridi, chini ya nyuzi 8 hivi, wanga wake unaanza kugeuka sukari. Ukikikata na kukitia kwenye mafuta ya moto, sukari hiyo inaungana na viini vingine vya kiazi, kipande kinakuwa kahawia au cheusi kabla hakijakauka vizuri, na kinaacha uchungu mdomoni. Mkaangaji anadhani mafuta yamechakaa au moto umezidi, anabadilisha mafuta, anapunguza moto, na kipande kinatoka vilevile. Ukikiweka kiazi hichohicho mahali penye nyuzi 15 hadi 20 kwa wiki mbili au tatu, sehemu kubwa ya sukari ile inapungua na rangi inarudi. Watu wa utafiti wa viazi wanalijua hili siku nyingi, wala si ugunduzi wako, na ole wako uandike kwamba ni ugunduzi wako. Lakini muuza chipsi wa Mwanjelwa anajua? Mama anayeweka viazi stoo Makete au Njombe, ambako baridi ni kali kuliko Mbeya, akivisubirisha bei ipande, anajua kwa nini mteja wa mjini anavikataa?

Hapo "kwa hiyo?" ya mhariri imepata jibu. Jambo hili linamgusa mtu asiyekujua wala asiye na haja na krispi zako. Linatokea kwa msimu unaojulikana. Lina namba uliyoipima mwenyewe. Kuna mtu mwingine anayeweza kulithibitisha bila kukutegemea wewe, kwa sababu TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, kipo hapohapo na viazi mviringo ni sehemu ya kazi yake. Na linaonekana kwa macho: sinia moja nyeusi, sinia moja ya dhahabu. Biashara yako haijafutwa, imo ndani ya stori, ila imekuwa mlango wa kuingilia badala ya kuwa nyumba nzima.

Niliona pia, katika aya ya saba, kwamba unanunua viazi kwa kilo na umekataa lumbesa. Hiyo nayo ni stori, na ni kubwa, kwa sababu lumbesa imepigwa marufuku na sheria ya vipimo na bado inapakiwa barabarani kila siku. Nakusihi usiiweke kwenye barua hii. Stori mbili kwenye barua moja zinamlazimisha mwandishi achague, na mtu anayepitisha jicho kwenye simu hachagui, anapita. Iweke akiba. Mwandishi akishakuja kwako kwa ajili ya krispi, atakuuliza viazi unavinunuaje, na hapo utamwambia.

Sasa kichwa. Simu nyingi zikishikwa wima zinaonyesha herufi 35 hadi 40 za kichwa, ukihesabu na nafasi. Kwa hiyo jambo lenyewe, mahali na wakati vinatakiwa viingie humo. Nilijaribu vichwa vitatu kwenye karatasi. Cha kwanza kilikuwa "Siri ya krispi kuungua yafichuka", nikakitupa, kwa sababu kinaahidi kikubwa kuliko ulichonacho na mwandishi mzoefu anakiogopa. Cha pili, "Kwa nini krispi hugeuka kahawia Juni", si kibaya, lakini kinauliza wakati wewe jibu unalo. Cha tatu ndicho ninachokupa:

`Baridi ya Juni inaharibu krispi Uyole`

Kina herufi 37. Hakina jina la biashara, hakina "ombi", hakina sifa. Mwandishi wa Mbeya akikiona anaweza kumsomea mhariri wake kama kilivyo. Hicho ndicho kipimo ninachokuomba ukitumie: msomee kichwa chako mtu asiyejua biashara yako, konda wa daladala akibidi, bila kumweleza kitu. Akiuliza "inaharibuje?", kimefaulu. Akisema "hongera", kimeshindwa.

Baada ya kichwa, salamu. Kwetu salamu haiachwi, lakini iwe ya maneno matatu ili jambo lenyewe liwahi kuonekana kwenye ule mstari uliofifia. Barua yote isizidi kile ambacho mtu anaweza kusoma akiwa amesimama kwenye foleni. Ningeiandika hivi:

"Habari za kazi, dada. Kila Juni krispi zetu hapa Uyole hutoka kahawia na chungu, na kosa si la mafuta, ni la baridi inayovipiga viazi vikiwa stoo. Mwaka juzi tulimwaga kilo 6 katika kila kilo 15 tulizokaanga. Mwaka jana tuliviweka viazi wiki tatu kwenye chumba chenye joto nyuma ya jiko kabla ya kukaanga, tukamwaga kilo (weka namba ya daftari lako). Wataalamu wa viazi wa TARI Uyole wanaweza kukueleza kwa nini hutokea. Nilisoma habari yako kuhusu bei ya viazi, ndiyo maana nimekuandikia wewe kwanza. Tunakaanga Jumanne na Ijumaa kuanzia saa 2 asubuhi. Ukija Juni utaona sinia mbili, ya viazi vilivyopigwa baridi na ya viazi vilivyokaa kwenye joto. Nimeambatisha picha moja."

Halafu jina lako kamili, kazi yako na namba ya simu. Basi. Dira na dhima, ladha tatu, bei, vyote vinabaki nyumbani mpaka uulizwe.

Nimeacha mabano kwenye namba ya mwaka jana kwa sababu uliandika "likapungua sana", na "sana" haichapishwi. Fungua daftari lako uhesabu. Kama hukuandika, sema hukuandika, na mwaka huu upime kuanzia sinia ya kwanza. Usikadirie, maana mwandishi akigundua namba moja si ya kweli, anaacha kuamini zote. Kuwa mkweli pia kuhusu kiasi njia yako inavyosaidia. Viazi vilivyozeeka sana stoo mpaka vimeota macho huwa na sukari isiyoondoka hata ukivipa joto, na zipo mbegu zinazovumilia baridi kuliko nyingine. Mtaalamu atayasema hayo akiulizwa. Ni bora yatoke kwako kwanza.

Picha ni moja, iliyolala, ya mikono yako ikiwa imeshika vipande viwili: cheusi na cha dhahabu, mchana, karibu na dirisha. Nembo ya biashara haichapishwi, na ile uliyoniambatishia iliniletea shida kufunguka hata hapa mjini, sembuse kwa mwandishi aliye njiani kwenda Chunya. Barua yenye muhuri uliyoipiga skani usiitume kabisa. Kilichomo kwenye kiambatisho huwa hakisomwi mpaka barua yenyewe iwe imeshamshawishi mtu. Baadaye mwandishi akikuomba picha zaidi kwa WhatsApp, zitume kama dokumenti, maana ukizituma kawaida WhatsApp inazibana na gazeti haliwezi kuzichapa kwa ukubwa.

Kuhusu wale 14, uliweka anwani zote pamoja na kila mmoja akaona majina ya wenzake. Kwa mwandishi maana yake ni kwamba hata akiharakisha, mwenzake wa gazeti lingine anaweza kumtangulia, kwa hiyo afadhali asihangaike. Mtafute mmoja. Chukua magazeti ya miezi mitatu iliyopita, Mwananchi, Nipashe, HabariLeo, yoyote unayoyapata pale Mwanjelwa au kwenye simu, utafute nani ameandika kuhusu viazi, masoko au biashara ndogo akiwa Mbeya. Jina lake liko juu ya habari, na mara nyingi mji umeandikwa pembeni. Huyo anajua tayari viazi ni nini kwa mkoa huu, hutahitaji kumwelimisha. Ukikosa anwani yake, klabu ya waandishi wa habari ya mkoa inaweza kukuelekeza. Mwandikie yeye peke yake, umwambie ni yeye kwanza, na uiheshimu ahadi hiyo. Zikipita siku tano za kazi, mtumie ujumbe mmoja mfupi wa simu ukirudia kichwa kilekile. Akiendelea kukaa kimya, mshukuru kwa ujumbe na umfuate wa pili. Usimpigie kila siku. Waandishi wa mikoani wengi wanalipwa kwa stori iliyotoka, na kila saa unayomchukua ni stori nyingine anaiacha.

Wakati nao una uzito. Sasa tupo Aprili. Tuma katikati ya Mei, baridi ikianza kuuma lakini kabla haijawa habari ya kila mtu. Usisubiri Juni, kwa sababu katikati ya mwezi huo Waziri wa Fedha husoma bajeti Dodoma na kurasa za biashara hujaa kodi na ushuru kwa siku nyingi. Kama Mei itakupita, dirisha linalofuata ni wiki mbili kabla ya Nane Nane, wakati macho ya waandishi yanaelekea viwanja vya John Mwakangale na wanatafuta stori za kilimo zisizo za mgeni rasmi. Agosti baridi bado ipo ya kutosha kuonyesha sinia nyeusi.

Sasa la kaka yako. Sitasema jambo hilo halipo, maana lipo, na nimeliona. Lakini bahasha haifungui barua pepe. Mwandishi mwenye stori anayoweza kumwambia mhariri wake haihitaji, na mwandishi anayekuja kwa ajili ya bahasha atakuandikia aya mbili za sifa ambazo mhariri atazikata au hakuna atakayezisoma. Ukiombwa fedha ili habari itoke, uliza kwa upole, "Je, hili ni tangazo? Naomba bei za matangazo na risiti." Utajua hapohapo unazungumza na nani. Unachoweza kumpa mwandishi kihalali ni urahisi. Uyole ipo kwenye makutano ya barabara kuu na ile ya Tukuyu, daladala zinafika, na umemtajia siku na saa ambayo atakuta mafuta yanachemka. Mwandishi anayejua kwamba kwa safari moja atapata picha, namba na mtaalamu wa jirani, anakuja.

Jambo moja ulifanye kabla hujabonyeza kutuma. Swali la kwanza la mwandishi makini wa bidhaa ya kula litakuwa kama jiko lako limesajiliwa na kama una alama ya TBS. Tangu 2019 mambo ya usajili wa majengo ya chakula yapo TBS, si ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa. Katika barua yako hukugusia hilo popote, na sijui ni kwa kusahau au kwa sababu bado. Kama bado, anza sasa kupitia SIDO Mbeya, na mwandishi akiuliza umwambie umefikia hatua gani, na karatasi umshikie mkononi. Habari ikishatoka, wanaoisoma si wateja peke yao. Nimeona mfanyabiashara mmoja akiandikwa vizuri Jumatatu na kufungiwa jiko Alhamisi, na aliyeumia zaidi alikuwa mwandishi aliyemwamini.

Na kuanzia mwisho wa Mei, tenga gunia moja la viazi ulilaze stoo ya nje, kule kunakopiga upepo, usilihamishe. Gunia la pili liweke nyuma ya jiko, viazi vikiwa vya mbegu ileile na vimenunuliwa siku ileile. Andika tarehe kwenye magunia yote mawili. Kila wiki kaanga vipande kumi kutoka kila gunia na uvipige picha kwenye sahani moja nyeupe. Mwandishi akifika, washa karai na uyafungue yote mawili mbele yake, umwachie yeye achague kiazi cha kukata.